Nafasi ya chuo Marekani inapokujia Juni, na umepewa siku mbili kujibu

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Unaingia kwenye barua pepe ukiwa na kichwa kama "Update to your application", na ndani yake hamna habari yoyote ila kiungo cha akaunti uliyotumia kuomba. Ukiingia ndipo unaikuta barua: chuo kilichokuweka kwenye orodha ya kusubiri tangu Machi kimepata nafasi, na nafasi hiyo ni yako ukijibu kabla ya saa iliyoandikwa. Vyuo vingine hutoa wiki nzima. Vingi hutoa siku tatu au mbili, na kadiri majira ya joto yanavyosonga muda huo unaweza kushuka hadi siku moja.

Muda ni mfupi kwa sababu ya Mei 1. Hiyo ndiyo tarehe ambayo vyuo vingi vya Marekani hutaka waliokubaliwa wawe wamejibu na kulipa amana. Baada ya hapo chuo huhesabu vitanda, huona pengo, kisha huanza kuwaita waliosubiri. Kila anayekataa au kunyamaza, nafasi yake hupelekwa kwa mwingine, na huyo naye anahitaji muda wa kujibu. Kwa hiyo ofisi ya udahili inabana kila mmoja ili iweze kuwafikia watu kadhaa kabla ya Agosti. Hawakuharakishi kwa ubaya, lakini pia hawajafikiria kwamba wewe uko Nakuru, wao wakiwa kazini huku ni jioni na usiku, na kwamba pesa zenyewe zinategemea mjomba aliye Mombasa.

Nimekaa na familia kadhaa katika siku hizo mbili. Nitaifuata moja, ya binti wa Nakuru, kwa sababu karibu kila kinachoweza kuleta shida kilijitokeza kwake: alikuwa tayari amelipa amana kwenye chuo kingine, ana mkononi I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza, na ana tarehe ya usaili wa viza. Vyuo vyote viwili nitaviacha bila majina.

Barua yake iliingia Jumanne ya wiki ya pili ya Juni, saa nne na dakika kumi usiku. Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba ni nafasi kweli. Kuna barua mbili zinazofanana sana. Moja inauliza tu kama bado unakitaka chuo, na inataka jibu ndani ya siku moja. Hiyo si nafasi; chuo kinapima nani bado yupo kabla ya kuanza kuita. Ukiijibu ndiyo, hujafungwa na chochote, na ukinyamaza huenda ukaondolewa kwenye orodha. Ya pili inasema wazi kwamba umekubaliwa, ina kitufe cha kukubali au kukataa, na inataja kiasi cha amana. Wapo waliosherehekea barua ya kwanza, wakakiandikia chuo chao cha awali kwamba hawaji tena, kisha wakabaki bila chuo chochote.

Kuna pia barua za kitapeli zinazofika majira haya haya. Usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua. Andika mwenyewe anwani ya akaunti yako ya maombi kwenye kivinjari, uingie, uone kama barua iko humo. Kama haimo, piga simu ofisi ya udahili kwa namba iliyo kwenye tovuti ya chuo. Barua inayotaka amana itumwe kwenye akaunti ya benki ya mtu binafsi iache ilivyo.

Binti aliikuta barua yake ndani ya akaunti. Mwisho wa kujibu ulikuwa "Thursday, 5:00 p.m. EDT". Hapa ndipo hesabu ya saa inapoanza, na inafaa iandikwe kwenye karatasi. Majira ya joto, saa za mashariki ya Marekani ziko nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Saa kumi na moja jioni ya Alhamisi kule ni saa sita kamili usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa huku. Chuo kikiwa Chicago tofauti ni saa nane, kikiwa California ni saa kumi. Barua ikisema "11:59 p.m. EDT", mwisho wako ni saa kumi na mbili na dakika 59 asubuhi ya siku inayofuata.

Ila saa za mwisho si kitu kikubwa kama saa za ofisi. Ofisi ya pale hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani saa kumi alasiri hadi saa sita usiku kwa Nairobi. Binti alikuwa na karibu saa 50 za kufikiri, lakini saa ambazo mtu angeweza kumjibu swali zilikuwa chini ya 18, na karibu mbili kati ya hizo zilikuwa zinakwisha usiku ule ule. Familia nyingi hulala juu ya habari, asubuhi huwapigia ndugu, jioni hukubaliana la kuuliza, na swali hutumwa Jumatano usiku wa manane. Jibu linakuja Alhamisi jioni, likiwa na swali jingine ndani yake, na muda umekwisha.

Yeye alituma barua pepe usiku huo huo kabla ya saa tano. Ilikwenda kwa ofisi ya udahili na ofisi ya msaada wa masomo kwa pamoja, katika barua moja, akiweka namba yake ya maombi kwenye kichwa. Alishukuru kwa sentensi moja, akasema chuo hicho bado ni chaguo lake, kisha akauliza maswali manne: barua ya msaada wa fedha itatoka lini, kwa kuwa haikuwamo; je, gharama iliyotajwa ina bima ya afya ndani yake; je, mwanafunzi anayetoka orodha ya kusubiri amehakikishiwa chumba chuoni; na kama barua ya fedha haitatoka kabla ya Alhamisi, je, wanaweza kumwongezea muda hadi siku moja baada ya kuipata.

Ombi hilo la mwisho watu huliogopa. Wanadhani kuomba muda ni kuonyesha kusitasita, na kwamba nafasi itachukuliwa. Ofisi inaweza kukataa, na ikikataa tarehe inabaki ile ile. Lakini kuomba siku moja kwa sababu ya fedha, kwa adabu na kwa maandishi, ni jambo wanalolizoea. Kinachowakera ni mtu kunyamaza mpaka muda upite, halafu aandike.

Sasa fedha, ambazo ndizo uamuzi wenyewe. Mwanafunzi wa kigeni hapati mikopo wala ruzuku za serikali kuu ya Marekani; msaada wake unatoka mfukoni mwa chuo. Na kufikia Juni mfuko huo mara nyingi umeshagawanywa. Vyuo kadhaa husema wazi kwamba mgeni anayetoka orodha ya kusubiri hapewi msaada kabisa, na vingine huangalia uwezo wa kulipa kabla ya kuamua nani aitwe. Kwa hiyo barua ya nafasi isiyo na barua ya fedha ni nusu ya habari. Kubali nusu hiyo peke yake na unaweza kujikuta umepoteza amana mbili na huna chuo unachoweza kukilipia.

Jibu lilikuja Jumatano saa mbili usiku. Gharama ya mwaka ilikuwa dola 84,000, na chuo kilimpa ruzuku ya dola 74,000. Pengo, dola 10,000. Chuo alichokuwa amekubali Aprili kilikuwa na gharama ya dola 41,500 na kilimpa ufadhili wa 27,000, kwa hiyo pengo lake lilikuwa 14,500. Mama yake alichukua daftari la mazoezi, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika chuo kimoja kila upande. Baba alitaka kukubali pale pale. Mama akasema, "Subiri kidogo, Baba Wanjiru. Bima iko wapi?"

Bima haikuwamo. Ile barua ilijibu swali la pili katika mstari wake wa mwisho: bima ya afya ni ya lazima, dola 3,200 kwa mwaka, na haimo kwenye gharama iliyotajwa. Pengo halisi likawa 13,200. Kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni takriban milioni 1.7 kwa mwaka, dhidi ya takriban milioni 1.87 za chuo cha kwanza, ambacho gharama yake ilikuwa na bima ndani. Tofauti iliyoonekana ni dola 4,500 ilibaki dola 1,300. Ukitoa amana ya dola 300 waliyokwisha kulipa kule, ambayo hairudishwi, faida ya mwaka wa kwanza ni dola 1,000. Hiyo peke yake haitoshi kuhamisha mtu.

Kilichoamua ni miaka mitatu iliyobaki. Ufadhili wa chuo cha kwanza ulikuwa kiasi kisichobadilika: dola 27,000 kila mwaka, mradi alama zake zisishuke. Gharama za vyuo hupanda. Tukichukulia kwamba zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, pengo la 14,500 linakuwa 16,160 mwaka wa pili, karibu 17,900 wa tatu, na karibu 19,700 wa nne. Jumla inapita dola 68,000. Chuo kipya kilikuwa kinatoa msaada kulingana na uwezo wa familia, na kinaupigia hesabu upya kila mwaka: gharama ikipanda na mapato ya wazazi yakibaki yale yale, ruzuku nayo inapanda. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba wazazi watajaza fomu za fedha kila mwaka, na mapato yao yakiongezeka ruzuku itapungua. Baba analipwa mshahara, mama ana duka. Hawakuwa wanatarajia mabadiliko makubwa. Kwa familia yenye biashara inayopanda na kushuka, jibu lingeweza kuwa tofauti, na ningewashauri wakae walipo.

Kuna pesa moja ambayo haipaswi kuingia kwenye daftari: kazi ya mwanafunzi. Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, lakini kazi hiyo haijahakikishwa, na vyuo kwa kawaida havikubali mapato hayo kama ushahidi wa fedha unapoombewa I-20.

Walikubali Alhamisi saa mbili usiku, saa nne kabla ya mwisho. Sababu ya kutongoja hadi saa tano ni malipo. Kubonyeza kitufe cha kukubali ni dakika moja, ila nafasi haijafungwa mpaka amana ipokelewe, na amana ya chuo hiki ilikuwa dola 500 kwa kadi. Kadi nyingi za benki zetu haziruhusu malipo ya mtandaoni nje ya nchi mpaka uombe, na nyingine zina kikomo cha siku kilicho chini ya kiasi hicho. Kadi ya baba ilikataa mara mbili. Mama akaweka pesa kwenye M-Pesa, wakatumia kadi ya GlobalPay, ikapita. Kama malipo yanapita kwa uhamisho wa benki, yanaweza kuchukua siku kadhaa. Hapo mwandikie ofisi kabla ya saa ya mwisho na uambatanishe risiti ya benki. Na kama dola 500 hazipo, uliza kuhusu kusamehewa au kuahirishiwa amana. Vyuo vingi vina utaratibu huo kwa wenye uhitaji, lakini lazima uuombe kabla ya tarehe.

Picha ya skrini ya risiti ihifadhiwe. Subiri pia barua inayothibitisha kwamba umesajiliwa kama mwanafunzi anayekuja. Binti aliipata Ijumaa jioni, na ndipo alipokiandikia chuo cha kwanza kwamba anajiondoa. Mpangilio huo usiugeuze. Kuhama kwa sababu umetolewa kwenye orodha ya kusubiri ni jambo linalokubalika, na amana uliyoacha ndiyo gharama yake. Kushikilia vyuo viwili hadi Agosti ni kosa, kwa kuwa kuna mwenzako anayesubiri kitanda hicho, na vyuo vyote viwili vikijua vinaweza kufuta nafasi yako. Andika kwa ofisi ya udahili na kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu ya pili ndiyo inayoshika rekodi yako ya I-20, na hizo ofisi mbili hazizungumzi kila siku.

Hapo familia nyingi huona kazi imekwisha, kumbe makaratasi ndiyo kwanza yameanza. I-20 ni ya chuo kimoja. Ina namba inayoanza na N ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na chuo kipya kitatoa I-20 nyingine yenye namba nyingine. Ili kuitoa, kitataka upya ushahidi wa fedha: taarifa ya benki ya hivi karibuni, barua ya mdhamini yenye sahihi, na nakala ya pasipoti. Taarifa ya benki ya Februari uliyotumia chuo cha kwanza huenda imeshapitwa na wakati. Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri, chukua taarifa mpya mwishoni mwa Mei uiweke tayari. Benki nyingine huchukua siku kadhaa kuigonga muhuri, na siku hizo utazihitaji Juni. Mjomba wa Mombasa naye asaini barua yake mapema, ikiwa na kiasi cha dola kilichoandikwa, siyo "nitasaidia ninavyoweza".

Ada ya SEVIS, ile inayoitwa I-901, ni dola 350, na binti alikuwa ameilipa kwa namba ya chuo cha kwanza. Watu wengi huilipa mara ya pili bila sababu. Malipo hayo yanaweza kuhamishiwa kwenye namba mpya: unawaandikia wahusika kupitia tovuti ile ile uliyolipia, fmjfee.com, ukitaja namba ya zamani, namba mpya na risiti. Baada ya kuhamishwa, chapisha risiti yenye namba mpya, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoulizwa.

Fomu ya maombi ya viza, DS-160, pia ina jina la chuo na namba ya SEVIS ndani yake, na ukishaituma huwezi kuirekebisha. Unajaza mpya, unapata namba mpya ya uthibitisho, kisha unaingia kwenye akaunti yako ya miadi ya viza na kubadilisha namba ya zamani. Hili lifanywe siku kadhaa kabla ya usaili, lisingoje usiku wa kuamkia. Ukifika ubalozini Gigiri na karatasi yenye namba isiyolingana na miadi, unaweza kurudishwa nyumbani. Ada ya viza yenyewe, dola 185, hailipwi tena kama miadi ni ile ile. Binti alikuwa na usaili wa wiki ya tatu ya Julai. I-20 mpya ilifika kwa barua pepe mwanzoni mwa Julai, akabakiwa na muda wa kutosha.

Aliyekwisha gongewa viza yuko kwenye hali ngumu zaidi. Viza ya F-1 imeandikwa jina la chuo, na unapoingia Marekani kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi jina hilo linapaswa kulingana na I-20 uliyobeba. Ukihama baada ya viza kutoka, panga kuomba viza upya, na ada na usaili upya. Kabla ya kukubali nafasi, angalia tarehe za usaili zilizobaki. Kama ya karibu iko baada ya masomo kuanza, weka hiyo kwanza, halafu omba iharakishwe ukiambatanisha I-20 yenye tarehe ya kuanza.

Kwa wasomaji wa nje ya Kenya kuna jambo la kuangalia kabla hata ya daftari la mama. Marekani iliwekea Burundi vizuizi vya viza za wanafunzi Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kuanzia Januari 1, 2026. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi la wiki hiyo, na umuulize chuo kwa maandishi kitafanya nini na amana yako ikiwa viza haitatoka kwa sababu ya uraia.

Swali hilo lina ndugu yake, ambalo binti aliliuliza Ijumaa na ningependa kila mtu aliulize kabla ya kulipa: nikichelewa, je? I-20 ina tarehe ya kuanza, na huruhusiwi kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla yake. Vyuo huweka pia tarehe ya mwisho ya kufika, mara nyingi siku chache tu baada ya masomo kuanza. Ukiikosa, njia iliyobaki ni kuahirisha hadi muhula au mwaka unaofuata, na baadhi ya vyuo haviwaruhusu waliotoka orodha ya kusubiri kuahirisha. Wanaambiwa waombe upya kuanzia mwanzo. Chuo chake kilimjibu kwamba kinaruhusu muhula mmoja, bila kuahidi ruzuku ile ile. Aliichapisha barua hiyo na kuiweka kwenye faili moja na risiti ya amana.